Keki Itoke Nzima: Kupaka Mafuta na Kutandika Chombo, Hata Pasipo Karatasi ya Kuokea

Rojo la keki linapomiminwa chomboni huwa bado ni majimaji. Likipata moto, mayai huganda na kushika chochote kilicho karibu nayo, wanga wa unga hufyonza maji na kuanza kunata, na sukari iliyo chini kabisa huyeyuka kisha hukauka na kuwa ngumu. Chombo nacho, hata kikionekana laini kwa macho, kina mikwaruzo midogo midogo, hasa chombo cha aluminiamu kinachosuguliwa kwa stilwaya kila baada ya kutumika. Rojo huingia katika mikwaruzo hiyo likiwa jepesi, huganda humo humo, na siku ya kupindua chombo nusu ya keki hutoka na nusu hubaki.

Kwa hiyo tunachotafuta ni kitu cha kukaa katikati ya rojo na chombo, kitu kitakachobaki mahali pake tangu unapomimina mpaka keki inapoganda. Hapo ndipo wengi hukosea. Wanapaka mafuta mengi, tena kwa moyo, lakini mafuta yenyewe si ya aina inayobaki mahali pake.

Mafuta ya kupaka

Mafuta ya maji, yawe ya alizeti, ya mawese au ya mahindi, ndiyo yaliyo karibu na mkono katika jikoni nyingi, nayo ndiyo dhaifu kuliko yote yakitumika peke yake. Ukiyapaka ubavuni mwa chombo hutiririka polepole na kukusanyika kwenye kona, pale ubavu unapokutana na kitako. Ukimaliza kupiga mayai na kurudi kwenye chombo, ubavu wa juu umebaki mkavu, na chini kumetuama mafuta. Matokeo yake unaweza kuyasoma kwenye keki iliyoiva: ukingo wa chini umekaangika na kuwa mgumu, huku ubavu wa juu umechanika. Zaidi ya hayo, utando mwembamba wa mafuta ya maji ulioachwa wazi ubavuni, juu ya pale rojo linapofika, hukauka kwa joto na kugeuka gundi ya rangi ya manjano isiyotoka kwa sabuni ya kawaida. Gundi hiyo ndiyo hufanya keki ya wiki ijayo ing'ang'anie.

Siagi ina ladha nzuri, lakini si mafuta matupu. Karibu asilimia 80 yake ni mafuta. Sehemu kubwa ya inayobaki ni maji, pamoja na chembe kidogo za maziwa. Maji hayo huacha madoa ambayo hayakufunikwa na mafuta, na chembe za maziwa huungua mapema na kunata. Siagi ya chumvi ni mbaya zaidi kidogo. Majarini ya kupaka mkate ina maji vilevile, na kiasi chake hutofautiana kwa kila chapa, kwa hiyo soma maandishi ya kwenye kopo: kadiri asilimia ya mafuta inavyopungua ndivyo maji yanavyozidi.

Kinachofanya kazi vizuri ni mafuta yasiyo na maji na yanayoganda yakipoa. Samli ni siagi iliyokwisha kuchemshwa maji yakaisha na chembe za maziwa zikaondolewa, na kwa kazi hii sijaona kinachoizidi. Mafuta ya kupikia yaliyoganda ya kwenye kopo, ya aina ya Kimbo, hufanya kazi hiyo hiyo na hayana harufu. Mafuta ya nazi yanafaa pia, ila kumbuka kwamba huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 hivi. Jikoni kwako Tanga au Mombasa mchana yatakuwa maji na yatatiririka sawa na mafuta mengine. Mbeya au Limuru asubuhi yatakaa palepale ulipoyapaka.

Kwa chombo cha duara chenye upana wa sentimeta 20 na kina cha sentimeta 7, kijiko kimoja cha chai hadi viwili vya mafuta yaliyoganda vinatosha. Usiyayeyushe. Yalainishe kwa vidole, kisha paka kwa brashi, kwa kipande cha kitambaa safi, au kwa karatasi iliyofunga siagi, ambayo huwa bado na mabaki ya mafuta. Anza kitakoni, zunguka kwenye kona polepole mara mbili, halafu panda ubavuni kwa kuvuta mkono kutoka chini kwenda juu mpaka kwenye mdomo wa chombo. Keki hupanda, kwa hiyo usiishie pale rojo litakapofika. Ukimaliza, inua chombo dirishani na ukigeuze: palipopakwa hung'aa, palipokosa hufifia. Utaona madoa ambayo kidole hakikuyahisi.

Sasa unga. Tia kijiko kimoja kikubwa cha unga wa ngano, inamisha chombo na ukizungushe huku ukikigonga ubavuni kwa kiganja, mpaka unga ushike kila mahali. Halafu kipindue juu ya sinki na kukikung'uta kwa nguvu. Unaobaki uwe vumbi jembamba tu. Unga huo hufyonza mafuta na kuyazuia yasitiririke, na pia hulipa rojo kitu kikavu cha kugusana nacho badala ya bati. Ukiacha unga mwingi, keki itatoka ikiwa na magamba meupe yenye ladha ya unga mbichi. Kwa keki ya chokoleti tumia kakao badala ya unga, la sivyo ubavu utaonekana una ukungu. Unga wa mchele ni mzuri kuliko wa ngano ukiwa nao, kwa sababu hauna protini inayonata. Sukari wengine huinyunyiza ili ubavu uwe na ugumu mtamu. Inapendeza, lakini keki ya namna hiyo lazima itolewe ikiwa bado ya moto, kwa sababu sukari ikipoa hushika chombo.

Karatasi: kitako kwanza

Mahali keki inapokwama kweli ni kitakoni. Ubavuni unaweza kupitisha kisu, lakini kitako hakifikiki. Ndiyo maana ukiwa na karatasi chache, zitumie zote chini, na ubavuni uache mafuta na unga vifanye kazi.

Karatasi ya kuokea halisi imepakwa silikoni, ndiyo sababu hainati na haihitaji kupakwa mafuta juu yake. Kuna nyingine inayofanana nayo kwa macho, karatasi ya kufungia siagi na nyama, ambayo inazuia mafuta yasipenye lakini haina silikoni. Hiyo nayo inafaa kutandika, mradi uipake mafuta upande wa juu. Ukiisahau, utaichambua keki kwa kucha. Ili kuzitofautisha, weka tone la asali au la sukari iliyoyeyushwa, liache lipoe, kisha jaribu kulibandua. Kwenye silikoni litatoka lote. Karatasi ya tatu ni ile iliyopakwa nta, laini na yenye utelezi. Usiitumie kuokea, kwa sababu nta huyeyuka ndani ya keki na hufuka moshi pale inapobaki wazi.

Kukata duara bila bikari ni rahisi. Chukua kipande cha mraba kinachozidi upana wa chombo kidogo. Kikunje mara mbili kiwe robo, kisha kikunje tena kwa mshazari mara mbili kuanzia kwenye ile pembe ya katikati, upate pembetatu nyembamba. Pindua chombo, weka ncha ya pembetatu katikati ya kitako kwa kukadiria, na kata pale inapovuka ukingo, ukipunguza milimeta mbili hivi kwa ajili ya unene wa bati. Ukiifungua unapata duara. Duara likiwa kubwa kuliko kitako litapanda ubavuni na kuacha mikunjo kwenye keki. Likiwa dogo kidogo halina madhara, kwa sababu kona umeshaipaka mafuta vizuri.

Mpangilio ni huu: paka chombo chote mafuta, laza karatasi na kuibana kwa kiganja kutoka katikati kwenda nje ili hewa itoke, paka karatasi mafuta kama si ya silikoni, kisha nyunyiza unga ubavuni. Mafuta yaliyo chini ya karatasi ndiyo huishika isielee rojo likimiminwa.

Kwa chombo cha mkate, kile cha mstatili, huhitaji kukata kona. Kata ukanda mmoja wenye upana sawa na urefu wa kitako, uulaze ukivuka kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, na uache ncha zake zining'inie nje sentimeta 3 kila upande. Ncha hizo ndizo mishikio yako ya kuinulia keki. Zile pande mbili fupi zilizobaki hupakwa mafuta na unga, na kabla ya kuinua unapitisha kisu hapo tu.

Kutandika ubavu kuna maana kwa keki inayokaa motoni muda mrefu, hasa keki ya matunda ya harusi, ambayo huokwa kwa moto wa nyuzijoto 150 hivi kwa saa mbili, tatu au zaidi. Hapo karatasi inazuia kukwama na pia inazuia ubavu usiungue kabla ya katikati kuiva. Kwa chombo cha sentimeta 20 mzunguko ni karibu sentimeta 63, basi kata ukanda wa sentimeta 66 ili ncha zipandane, na upana uzidi kina cha chombo kwa sentimeta 4. Kunja sentimeta 2 za ukingo wa chini, zikate kwa mkasi kila baada ya sentimeta 2, uzungushe ukanda ndani ya chombo vile vipande vikilala kitakoni, kisha duara ndilo liwe la mwisho, lifunike vipande hivyo. Keki ya namna hii hutandikwa karatasi mbili mbili.

Pasipo karatasi

Hapa ndipo ningependa tukae zaidi, kwa sababu karatasi ya kuokea haipatikani kila duka la mtaani, na ikipatikana bei yake huweza kuwa sawa na trei ya mayai au karibu yake. Habari njema ni kwamba kuna mchanganyiko unaofanya kazi ya mafuta, unga na karatasi kwa pamoja, na vitu vyake vyote tayari viko jikoni.

Chukua vipimo vitatu vilivyo sawa: unga wa ngano, mafuta ya maji, na mafuta yaliyoganda. Kwa chombo kimoja au viwili tumia kijiko kikubwa kimoja kimoja; kwa kutunza, tumia nusu kikombe ya kila kimoja. Mafuta yaliyoganda yawe laini bila kuyeyuka. Yapige kwanza peke yake kwa mwiko au uma mpaka yawe meupe na yasiwe na mabonge, tia unga uchanganye mpaka usione vumbi kavu, halafu mimina mafuta ya maji kidogo kidogo huku ukipiga. Mwisho wake upate mchanganyiko mweupe, uzito wake kama mtindi mzito, unaoshikamana na brashi bila kudondoka. Ukidondoka, ongeza unga kijiko cha chai. Ukiwa mgumu kiasi cha kuacha mistari ya brashi, ongeza mafuta ya maji.

Kwa nini unafanya kazi? Mafuta yaliyoganda hushika ubavu, mafuta ya maji hulainisha ili upake kwa wepesi na kuingia katika mikwaruzo, na unga ulioenea ndani yake huyazuia yasikimbie yakipata joto. Ukinyunyiza unga juu ya mafuta, mahali pengine hupata mwingi na pengine hukosa. Katika mchanganyiko huu kila tone la mafuta lina unga wake.

Paka kwa brashi, utando mwembamba unaoweza kuona bati kwa mbali chini yake. Kitakoni paka mara mbili: paka, weka chombo mahali pa baridi dakika 10, paka tena. Usinyunyize unga mwingine juu. Mabaki yahifadhi kwenye chupa yenye kifuniko, ndani ya friji kama unayo, na uyatoe mapema yalainike kabla ya kutumia. Pasipo friji tengeneza kidogo cha wiki moja au mbili, na unuse kila mara kabla ya kupaka. Harufu ya mafuta yaliyochacha itaingia kwenye keki, na hakuna iliki itakayoificha.

Chombo chenye tundu katikati na mifereji ubavuni hakitandikiki kwa karatasi hata ukiwa nayo, na kwa hicho mchanganyiko huu ndio tegemeo. Uingize katika kila mfereji kwa ncha ya brashi na usisahau mnara wa katikati, kwa maana huo ndio husahaulika na ndio hurarua keki.

Foili ya aluminiamu huja ya pili. Haiungui, lakini si kweli kwamba hainati: keki huishika sawa na bati, kwa hiyo lazima ipakwe mafuta au ule mchanganyiko. Ugumu wake ni mikunjo. Ukiisukuma ndani ya chombo kwa vidole utaacha vijikunjo, rojo litaingia humo, na utaichambua keki vipande vipande. Pindua chombo, fungia foili kwa nje ya kitako na kuisawazisha kwa kiganja mpaka ishike umbo, ichomoe taratibu, geuza chombo na uishushe ndani. Upande unaong'aa au usiong'aa, hakuna tofauti.

Jani la mgomba linafaa kwa kitako, na palipo na mgomba nyuma ya nyumba sioni sababu ya kulidharau. Chagua jani changa lisilochanika, lioshe, ondoa uti wa katikati, kisha lipitishe juu ya moto mpaka rangi igeuke kijani kilichokolea na jani lilegee. Bila hivyo litapasuka ukilikunja. Lifute, kata duara, lilaze upande unaong'aa ukiangalia juu, na ulipake mafuta. Huacha harufu yake kwenye keki. Kwa keki ya nazi, ya ndizi au ya unga wa mchele harufu hiyo ni neema. Kwa keki ya vanila nyeupe hapana. Kwa moto mkali ukingo wake hukauka na kujikunja, kwa hiyo lisipande ubavuni.

Kisha kuna karatasi nyingine ambazo watu huzitumia kwa kukosa namna. Gazeti usilitumie kabisa, kwa sababu wino wake haukutengenezwa kugusa chakula, na mafuta ya moto huuvuta moja kwa moja. Karatasi ya daftari yenye mistari ina wino vilevile. Khaki ya bahasha na ya mifuko mara nyingi hutokana na karatasi zilizosagwa upya, na hujui zilikuwa na nini. Pakiti ya unga ni safi kwa ndani, lakini ndani kwake kulikusudiwa unga mkavu, si mafuta na joto, na nje imechapwa rangi inayogusa bati la moto. Nyingine zina utando wa plastiki. Mfuko wa nailoni huyeyuka. Kwa kuwa ule mchanganyiko wa unga na mafuta hugharimu vijiko vitatu tu, sioni haja ya kujitia katika mashaka ya karatasi hizo.

Tuipike moja, juu ya jiko la mkaa

Tuchukue keki ya kawaida ya siagi: unga gramu 200, sukari gramu 200, siagi au majarini gramu 200, mayai manne, beking pauda vijiko viwili vya chai, na iliki. Chombo ni kile cha aluminiamu cha sentimeta 20, karatasi hakuna, na oveni ni sufuria kubwa iliyotiwa mchanga chini, mkaa chini na juu ya mfuniko.

Tengeneza mchanganyiko wa kupaka kwa kijiko kikubwa kimoja kimoja kabla ya kitu kingine chochote. Paka chombo kizima, kiweke mahali pa baridi wakati ukipiga siagi na sukari, kisha paka kitako kwa mara ya pili. Mimina rojo moja kwa moja katikati na ulisambaze kwa mwiko kutoka katikati kwenda nje. Ukilikokota ubavuni utakwangua ulichopaka. Litafika chini kidogo ya nusu ya chombo, ambayo ni sawa. Lisizidi theluthi mbili kamwe, kwa sababu keki ikimwagika juu ya mdomo wa chombo hushika kwa nje, na hapo hakuna upakaji utakaokusaidia.

Moto wa mkaa una tabia yake. Unatoka chini kwa nguvu kuliko moto wa oveni, na keki nyingi za mkaa zinazodhaniwa zimekwama kwa kukosa mafuta kwa kweli zimefanya ukoko. Sukari ya chini imeungua na kuganda kwenye bati, na mafuta yameshaungua nayo. Dalili yake unaijua ukiangalia kipande kilichobaki chomboni: kikiwa cheusi au kahawia iliyokolea, ni moto, kikiwa cha manjano na laini, ni upakaji au umeharakisha kuitoa. Kwa hiyo chombo kisikae juu ya mchanga wenyewe. Weka vijiwe vitatu bapa au kistendi cha chuma juu ya mchanga, chombo kikae hapo. Pasha sufuria dakika 10 hadi 15 kabla, kisha punguza mkaa wa chini ubaki karibu theluthi moja, na theluthi mbili ziwe juu ya mfuniko.

Iache dakika 35 bila kufunua. Baada ya hapo chungulia: keki iliyoiva huanza kujivuta kutoka ubavuni, ukaonekana mwanya mwembamba pembeni, na kijiti ukikichoma katikati hutoka kikavu. Kwa mkaa huweza kuchukua dakika 40 hadi saa nzima. Mwanya ule ni ishara nzuri maradufu, maana unakuambia keki imeiva na pia kwamba ubavu umeachia.

Kuitoa

Keki ikitoka motoni ni dhaifu, na mvuke umejaa ndani. Ukiipindua papo hapo itavunjika kwa uzito wake yenyewe. Ukiiacha mpaka ipoe kabisa chomboni, mvuke hugeuka maji kitakoni, unga hulowa, sukari hukaza, na inashika tena. Kwa keki ya siagi ya ukubwa huu dakika 10 ndizo sahihi. Chombo kiwe bado cha moto, lakini uweze kukishika kwa kitambaa kimoja. Keki ya matunda ni kinyume chake: iache ipoe humo humo, kwa kuwa ni nzito na karatasi inailinda.

Pitisha kisu chembamba kisicho na makali kuzunguka ubavu, ukikiegemeza kwenye bati wala si kwenye keki. Tikisa chombo kushoto na kulia. Keki iliyoachia utaihisi ikicheza kwa pamoja. Isipocheza, usipindue bado. Ikicheza, funika kwa sahani au wavu wa kupozea, shika vyote viwili pamoja, pindua kwa mara moja bila kusitasita, na uinue chombo wima. Kama kuna karatasi au jani, libandue sasa hivi likiwa na joto, ukianzia ukingoni.

Ikigoma, chanzo huwa ni mafuta na sukari vilivyopoa na kukaza, na dawa ni joto. Loweka taulo kwenye maji ya moto, ikamue, itandaze mezani na ukalishe chombo juu yake dakika mbili au tatu. Au pitisha kitako juu ya moto mdogo kwa sekunde chache huku ukikizungusha. Keki iliyolala usiku kucha chomboni irudishe kwenye oveni yenye joto la wastani dakika tatu hadi tano. Kisha ipindue na gonga kitako kwa mgongo wa kijiko. Usiichokoe kwa kisu kutoka chini. Ndivyo keki inavyogawanyika.

Mikate yetu ya asili

Mkate wa mayai hauna mafuta ndani yake. Umeinuliwa na mayai yaliyopigwa tu. Ukipaka chombo mafuta mazito, rojo hukosa pa kushika linapopanda, na huteleza na kuanguka pembeni. Paka samli nyembamba sana, nyunyiza unga, na ukung'ute vizuri. Mkate wa kumimina una njia nyingine kabisa: sufuria hupakwa mafuta na kupashwa moto kwanza, na rojo la mchele na tui hulia linapogusa chuma. Mlio huo ni ngozi ya chini inayoganda papo hapo, kabla rojo halijapata nafasi ya kupenya kwenye mikwaruzo. Ukimimina kwenye sufuria baridi, hata ikiwa na mafuta tele, utaukwangua.

Chombo chenyewe

Baada ya keki, jaza maji ya moto na sabuni, acha nusu saa, kisha osha kwa sponji laini. Stilwaya huongeza mikwaruzo, na kila mkwaruzo mpya utaulipa kwa keki ijayo. Gundi ya manjano ya mafuta ya zamani ipake magadi soda yaliyokorogwa kwa maji kidogo na isugue kwa kitambaa, ikiwa chombo si cha aluminiamu. Aluminiamu hubadilika rangi kwa magadi, basi iloweke kwa maji ya moto yenye maji ya ndimu. Kikaushe jikoni kabla ya kukiweka kabatini, hasa kile cha bati la chuma, ambacho hushika kutu kwenye maungio. Chombo chenye kutu kwenye kona kinaweza bado kutumika, ila hakipakwi tu mafuta: kitandike chote, kitako na ubavu.